Nafasi moja ya mhasibu msaidizi, na vigezo tulivyovifuta

Mteja wangu mmoja, msambazaji wa vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, aliniletea tangazo la kazi lililokuwa limeshatoka mara mbili bila kumpatia mtu wa kudumu. Alikuwa anatafuta mhasibu msaidizi. Tangazo lilitaka shahada ya uhasibu, cheti cha taaluma cha CPA, uzoefu usiopungua miaka 5, umri usiozidi miaka 28, ujuzi wa programu za hesabu za Tally, QuickBooks na SAP, Kiingereza fasaha, leseni ya udereva, na "uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo". Mshahara haukutajwa. Alichotenga kilikuwa shilingi 650,000 kwa mwezi.

Tupige hesabu ya umri tu. Mtoto akianza darasa la kwanza na miaka 7, akapita msingi miaka 7, sekondari 6 na chuo 3, anamaliza shahada akiwa na miaka 23 kama hakupoteza hata muhula. Ongeza miaka 5 ya kazi, tayari ana 28, na mitihani ya CPA ya bodi ya wahasibu, NBAA, awe ameifanya usiku baada ya kazi. Mtu huyo yupo, lakini hana sababu ya kuja kwa 650,000. Mara ya kwanza walikuja wawili wenye CPA, wakaondoka waliposikia mshahara. Mara ya pili aliajiriwa kijana mmoja, akakaa miezi mitatu, akapata pengine. Wengine waliobaki kwenye rundo la maombi walikuwa wametia chumvi, na sikuwashangaa: tangazo lisilowezekana huvuta wanaojiamini kusema uongo na kuwafukuza waungwana wanaosoma kila mstari.

Nilimuuliza mteja kila kigezo kilitoka wapi. SAP ilinakiliwa kutoka tangazo la kampuni kubwa, kwake hakuna kompyuta hata moja yenye programu hiyo. Leseni iliingia kwa sababu dada aliyekuwepo zamani aliwahi kuendesha gari kwenda benki siku dereva alipougua. Miaka 5 aliiweka, alisema, "ili tupate mtu makini". Hapo ndipo penye kosa la msingi. Miaka inapima muda mtu aliokaa ofisini. Haisemi alikuwa anafanya nini humo.

Kwa hiyo sikuanza na tangazo. Niliomba kukaa siku mbili kwenye meza ya yule mtunza fedha aliyekuwa anashikilia nafasi hiyo, siku moja ya kawaida na moja ya mwisho wa mwezi, nikaandika kila alichofanya na muda wake. Siku ya kawaida ilianza kwa kulinganisha ripoti ya Z ya jana, yaani jumla ya mauzo ya siku kutoka mashine ya EFD ya risiti za kodi, na fedha iliyokuwa kwenye droo, miamala ya simu, na ankara za mkopo. Kisha kuingiza ankara za wasambazaji kwenye Tally, karibu 30 siku ile. Kisha kupiga simu kwa mafundi wanaodaiwa. Mwisho wa mwezi alilinganisha daftari la benki na taarifa ya benki, akaandaa jedwali la mishahara ili kodi ya mishahara, PAYE, ilipwe kabla ya tarehe 7, na kukusanya ankara za VAT kwa ajili ya ritani ya tarehe 20. Ritani yenyewe huandaliwa na mshauri wa kodi wa nje, anayelipwa kwa mwezi. Hakuna siku hata moja ambapo saini ya mwenye CPA ilihitajika kwenye meza ile.

Baada ya hapo tulikaa mimi, mteja na mtunza fedha, tukapitisha kila kigezo kwenye swali moja: mtu asipokuwa nacho siku ya kwanza, ni kazi gani kati ya hizi itaharibika? Kama haiharibiki, je, anaweza kukijifunza ndani ya miezi mitatu akiwa kazini? Tally ilitusumbua zaidi. Mteja aliiona ya lazima. Mtunza fedha akatuambia kuwa yeye aliijifunza pale pale, na kwamba ndani ya wiki mbili alikuwa anaingiza ankara bila kuuliza. Kilichomchukua muda ni kuelewa kwa nini ankara fulani inaingia upande huu na si ule. Basi kilicholazimu ni uingizaji wa hesabu wa pande mbili, na jina la programu likahamia kwenye mambo ya kufundishwa. Kiingereza nacho kilipungua hadi kipimo chake halisi: kusoma ankara na barua za wasambazaji. Ripoti za ndani zote ni za Kiswahili.

Umri tuliufuta kwa sababu nyingine kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi katika ajira kwa misingi kadhaa, umri na jinsia vikiwemo, na mwombaji wa kazi naye analindwa. Inaruhusu kutofautisha pale sifa hiyo inapotokana na asili ya kazi yenyewe. Kulinganisha ripoti ya Z hakuna umri. Waajiri wengi wadogo hawajui hili, na wanaweka kikomo cha umri kwenye maandishi, hadharani, tena na nembo ya kampuni.

Sehemu ya sifa ikabaki hivi:

"Lazima: stashahada ya uhasibu au zaidi, uwe umewahi kufunga hesabu za mwezi mwenyewe angalau mara sita, mahali popote, hata dukani au kwenye SACCOS, uweze kusoma ankara za Kiingereza. Tutakufundisha: Tally, mashine ya EFD, bei na vipimo vya vifaa vyetu. Mshahara: shilingi 650,000 kabla ya makato. Mwisho wa mwezi kazi huendelea hadi saa 1 usiku kwa siku tatu, na muda wa ziada unalipwa."

Huo mstari wa mwisho ndio uliochukua nafasi ya "kufanya kazi chini ya shinikizo". Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuusoma akajua kama atamudu.

Mteja alikuwa na hofu moja ya kweli. "Dada, nikishusha vigezo nitaletewa maombi mia tano. Nani atayasoma?" Ni hofu ya haki, na kwa waajiri wengi shahada ni chujio tu, hata kama kazi haiihitaji. Tukaweka chujio lililotoka kwenye kazi yenyewe. Kila mwombaji alitakiwa kujibu swali hili kwa sentensi zisizozidi tano: ripoti ya Z inaonyesha mauzo ya shilingi 2,340,000, droo ina 1,790,000, utaanza kutafuta wapi?

Aliyeifanya kazi hii anajua kwamba risiti ya EFD hutolewa hata kwa mauzo ya mkopo, kwa hiyo ataanza na ankara za mkopo na malipo ya simu kabla ya kumshuku mtu. Asiyeifanya aliandika kwamba angemuita mtunza fedha ajieleze. Wengi hawakujibu kabisa, na hao tuliwaweka kando bila kufungua wasifu wao. Majibu yaliyobaki tuliyasoma asubuhi moja, tukaita watu sita.

Aliyepata nafasi alikuwa na stashahada na miaka miwili ya kufunga hesabu za kinu cha mpunga. Tangazo la kwanza lingemkataa kwa vigezo vinne.