Ukurasa mmoja wenye jibu kamili, na posti fupi zinazomleta mteja

Kazi yangu ni kuwasaidia wataalamu wanaojitegemea wapate wateja wanaokuja wenyewe. Ninapoanza na mtu mpya, sianzi na tovuti yake. Namwomba afungue barua pepe zake tusome pamoja ujumbe wa kwanza kabisa ambao kila mteja wake wa mwaka uliopita alimwandikia, kabla hawajajuana. Ujumbe huo una kitu ambacho hakipatikani kwingine: tatizo, kwa maneno ya mtu ambaye bado hajui tatizo lake linaitwaje.

Mhasibu mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na tovuti safi. Ilikuwa na ukurasa wa mwanzo, picha yake, na orodha ya huduma 14, mojawapo ikiwa "usuluhisho wa kibenki", yaani kulinganisha hesabu za biashara na taarifa ya benki. Kila wiki aliandika posti kwenye LinkedIn kuhusu nidhamu ya fedha. Zilipendwa, ila tulipotazama waliozipenda, wengi walikuwa wahasibu wenzake. Fomu ya mawasiliano ilikaa miezi bila ujumbe hata mmoja. Kwenye barua zake tulikuta kwamba wateja 4 kati ya 9 waliletwa na jambo lilelile: "Nauza mtandaoni, na pesa inayoingia benki hailingani na mauzo yangu." Hakuna hata mmoja aliyeandika "usuluhisho". Na maneno waliyoandika wao hayakuwa popote kwenye tovuti yake.

Basi tukaandika ukurasa mmoja tu, kichwa chake kikiwa swali lenyewe: "Kwa nini pesa iliyoingia benki hailingani na mauzo ya duka langu la mtandaoni?" Ndani yake akaeleza kila kitu. Kampuni inayopokea malipo ya kadi hukata ada yake kwanza, ndipo ikutumie kinachobaki. Pesa uliyomrudishia mteja nayo hukatwa humohumo. Mauzo ya siku za mwisho wa mwezi huingia benki mwezi unaofuata. Kisha akapiga hesabu moja ya mfano mpaka mwisho: mauzo ya mwezi 10,000, toa ada 300, toa pesa iliyorudishwa 400, toa 600 ambazo bado ziko njiani, ongeza 500 za mwezi uliopita zilizoingia mwezi huu. Benki inapaswa kuonyesha 9,200.

Aliogopa. "Nikiwaeleza yote, wataniita wa nini?" Wengi huniuliza hivyo, na naelewa wanakotoka. Lakini anayeweza kumaliza hesabu hiyo peke yake hakuwa mteja wake tangu mwanzo. Mteja ni yule anayeifuata hatua kwa hatua kwa namba zake mwenyewe, akafika mwisho na bado kuna tofauti asiyoielewa. Huyo ameshapima mwenyewe ukubwa wa shida yake, na ameshaona kwamba mhasibu huyu anaijua. Ukurasa unaoishia katikati na kusema "wasiliana nasi kwa maelezo zaidi" haumfikishi hapo.

Posti zilitoka kwenye ukurasa huo huo, sababu moja kwa posti moja. LinkedIn huonyesha mistari michache ya mwanzo na kuficha iliyobaki, kwa hiyo tatizo la msomaji likae mstari wa kwanza, salamu na utangulizi viachwe. Hii ni mojawapo:

"Umeuza kwa 1,000, benki ikapokea 970. Hakuna aliyekuibia. Ada ya kadi hukatwa kabla pesa haijakufikia. Ukiandika 970 kama mauzo, umepunguza mauzo yako na umeficha gharama. Andika 1,000 kama mauzo na 30 kama gharama."

Imekamilika yenyewe. Msomaji ananufaika hata asipobonyeza linki, na wengi hawabonyezi. Huisoma wakiwa kwenye foleni, huiweka akilini, kisha wiki kadhaa baadaye, tatizo likiwabana, huandika jina la mwandishi kwenye kitafutaji. Ndiyo maana jina la kwenye wasifu na jina la kwenye tovuti yafanane herufi kwa herufi. Linki yenyewe tuliiwekea alama ili tujue msomaji ametoka wapi:

```
https://tovuti-yako.example/pesa-benki?utm_source=linkedin&utm_campaign=ada
```

Alama hizi zina mpaka wake. Mtu akiisoma posti kisha akamtajia rafiki yake jina la tovuti kwenye kundi la ujumbe, rafiki huyo atahesabiwa kama aliyekuja moja kwa moja. Ukitegemea takwimu peke yake, unaweza kuacha kuandika posti ambazo ndizo zinazokuletea kazi. Dawa yake ni swali moja kwenye fomu, "Ulitufahamuje?", lenye nafasi tupu ya kuandika. Orodha ya kuchagua haifai hapa, kwa sababu mtu hubonyeza chochote apite. Kwenye nafasi tupu huandika mambo kama "rafiki yangu alinitumia ile posti ya ada za kadi". Mbali na swali hilo, fomu iulize jina, barua pepe na "Nini kinakusumbua sasa?", basi.

Kuna kosa jingine lililokuwa linamgharimu bila yeye kujua, na nalikuta mara nyingi. Fomu yake ilikuwa inamtumia barua ikijifanya imetoka kwenye anwani ya aliyeijaza. Seva inayopokea barua hukagua kama mtumaji ameruhusiwa kutumia jina la anwani hiyo. Seva ya tovuti haikuruhusiwa, kwa hiyo ujumbe ulitupwa kwenye taka au ulikataliwa kabisa. Aliyejaza fomu aliona "Asante, tumepokea". Mhasibu hakuona kitu. Marekebisho ni kwamba mtumaji awe anwani ya tovuti yenyewe, na anwani ya mteja ikae mahali pa kujibia:

```
From: fomu@tovuti-yako.example
Reply-To: anwani ya aliyejaza fomu
```

Seva inayotuma nayo iruhusiwe kwenye mipangilio ya jina la tovuti, na kila ujumbe uhifadhiwe nakala ndani ya tovuti. Kisha jaza fomu mwenyewe ukitumia anwani ya nje, uone kama inafika. Mimi huwaambia wafanye hivyo kila mwezi, maana sasisho dogo la tovuti linaweza kuiharibu tena kimyakimya.

Ukurasa ukishakaa wiki kadhaa, fungua Google Search Console utazame maneno ambayo watu waliandika kabla ya kuuona. Ukionekana mara nyingi lakini haufunguliwi, tatizo liko kwenye kichwa: hakifanani na swali lao. Ukifunguliwa lakini ujumbe hauji, soma maneno yenyewe. Kwa mhasibu wetu yalikuwa mengi kama "mfano wa usuluhisho wa kibenki", dalili kwamba wasomaji walikuwa wanafunzi wa uhasibu. Tuliliondoa neno hilo kwenye vichwa vidogo na kuweka "duka la mtandaoni" na "malipo ya kadi" mahali pake.

Wingi wa wasomaji ulishuka kidogo baada ya hapo. Mwezi uliofuata fomu ilileta ujumbe kutoka kwa mwenye duka ambaye alikuwa ameshafuata hesabu yote ya ukurasa kwa namba zake. Aliandika kila mstari, na mwisho akaongeza: "Bado nina tofauti ya 214 na sijui imetoka wapi. Unaweza kuitazama?" Mhasibu alimjibu siku hiyo hiyo. Hakuhitaji kumweleza kazi yake ni ipi. Walianza moja kwa moja na ile 214.