Aliyechanga si lazima aje: dhana potofu kuhusu majibu ya kadi za harusi

Dhana inayowagharimu wengi hapa Tanga ni kwamba mtu aliyemaliza mchango wake amekwisha kuthibitisha kuhudhuria. Ukweli ni kwamba mchango ni deni la undugu na ujirani, nao hulipwa hata na mtu anayejua kwamba siku hiyo atakuwa Muheza kwenye shughuli nyingine. Orodha ya wachangiaji ni ya mweka hazina. Ya mpishi huandikwa upya.

Tulipomwoza mdogo wangu, ukumbini Chumbageni, tuligawa kadi 100, zikiwamo 60 za watu wawili, yaani dabo, na 40 za mtu mmoja. Kwa hesabu ya kadi tulihitaji sahani 160. Wiki mbili kabla ya harusi, kadi 38 zilikuwa bado kimya.

Hapo ndipo huja dhana ya pili, kwamba kimya maana yake haji. Kamati ilitaka kutuma ujumbe mwingine katika kundi la simu, lakini ujumbe wa kundi kila mtu humwachia mwenzake aujibu. Tuligawana majina na kupiga simu jioni mbili, kila mjumbe akiwapigia jamaa zake, na swali halikuwa “Utakuja?”, kwa kuwa jibu lake ni “Inshallah”, ambalo mara nyingi ni adabu tu ya kutokukataa.

“Shikamoo mjomba. Mpishi anafunga hesabu kesho. Tukuandikie sahani ngapi?”

“Marahaba mwanangu. Andika moja, mkazamjomba wako yuko Pangani.”

Jibu hilo linavunja pia dhana kwamba kadi ya dabo ni watu wawili daima. Kati ya kadi 45 za dabo zilizothibitishwa, tisa zilikuwa za watu wanaokuja peke yao. Vilevile, dabo haimruhusu mwalikwa kuleta watoto badala ya mwenza bila kusema, ingawa wengi hudhani hivyo. Ndiyo maana ni vyema jina la mtu wa pili liulizwe katika simu hiyohiyo.

Tulibaki na watu 114 wa hakika na kadi sita ambazo wenyewe hawakupatikana kabisa, zenye watu 10. Tukaagiza sahani 124.

Kuhusu meza, wengi hupanga majina mapema wakidhani ni kujiandaa, kisha hubandua na kubandika hadi usiku wa mwisho. Sisi tulisubiri simu ziishe, tukapanga meza 12 za watu 10 kwa kufuata nyumba, wazee mbali na spika, na ya 13 tukaiacha bila majina karibu na mlango. Kadi tatu kati ya zile sita zilifika, moja ikiwa na watoto wawili wasiotajwa, na wote saba walikaa hapo.