Kipindi cha pendulamu ni kwenda na kurudi

Binti wa jirani yangu yuko kidato cha nne. Juzi jioni alinijia na daftari la maabara, uso umemshuka.

"Shikamoo mwalimu. Nimepima g kwa pendulamu, nimepata thelathini na tisa."

"Marahaba. Ulikuwa unahesabuje?"

"Ikienda huku moja, ikirudi mbili."

Sikuhitaji kulifungua daftari. g inayotakiwa ni karibu tisa nukta nane. Thelathini na tisa ni hiyo mara nne, na hiyo nne huwa haiji yenyewe. Ni mtu wa tatu huyu mwaka huu kuniambia kwamba kipindi cha pendulamu ni muda wa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mmoja wao alikuwa mtu mzima mwenye shahada, ndiyo maana nimeona niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Pendulamu sahili ni kitufe kidogo kizito kilichofungwa kwenye uzi mwepesi usiovutika, kikaachwa kibembee. Kipindi, T, ni muda wa mbembeo mmoja mzima: kitufe kinaondoka mahali fulani kikielekea upande fulani, mpaka kirudi mahali palepale kikiwa kinaelekea upande uleule. Fomula yake ni hii:

T = 2π√(L/g)

L ni urefu kutoka pale uzi unaponing'inia hadi katikati ya kitufe, na g ni mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Uzito wa kitufe haumo. Upana wa mbembeo nao haumo, ila kwa sharti kwamba uwe mdogo. Ukikiachia kitufe kwa pembe ya nyuzi 10, fomula inakosea kwa karibu sehemu 2 katika 1,000, na saa ya mkononi haitaliona kosa hilo. Ukikiachia kwa nyuzi 60, inakosea kwa zaidi ya asilimia 7. Basi.

Sasa neno lenyewe, maana ndilo linaloponza watu.

Sekondari zetu Tanzania zinafundisha fizikia kwa Kiingereza. Mwanafunzi anakariri maana darasani, akifika nyumbani anataka kumweleza mdogo wake kwa Kiswahili, hapo anashika neno "kipindi" na kulitumia kama analolijua. Analijua kutoka wapi? Kipindi cha hisabati, dakika 40. Kipindi cha redio. Kipindi cha mvua. Ndani ya kipindi mna pindi, lile la "pindi ukifika nipigie", yaani wakati. Kwa hiyo kipindi kwa Kiswahili chetu ni kipande cha wakati chenye mwanzo na mwisho, na hakuna mahali neno linapokudai urudi ulikoanzia. Kitufe kikitoka kushoto kikafika kulia kikatulia kidogo, mwanzo umeuona na mwisho umeuona. Kwa sikio la Mswahili, hicho ni kipindi kabisa.

Neno la Kiingereza linalotafsiriwa hapa limetoka kwenye Kigiriki, na huko limeunganishwa kwa maneno mawili: "kuzunguka" na "njia". Ni njia ya mzunguko, inayokurudisha ulipotoka. Tulipolitafsiri tulichukua wakati tukaiacha njia. Kurudi, ambako ndiko kiini cha dhana yote, kukabaki ng'ambo. Ukiniuliza mimi, matumizi ya Kiswahili yanayokaribia maana ya fizikia ni vipindi vitano vya swala: alfajiri haijakamilisha mzunguko wake mpaka iwe alfajiri tena. Magharibi haihesabiki kuwa alfajiri, hata kama jua liko karibu na upeo nyakati zote mbili.

Mfano huo wa jua una maana hapa, kwa sababu kitufe hupita katikati mara mbili katika mbembeo mmoja, mara moja kikienda na mara moja kikirudi. Mahali ni palepale, lakini mwelekeo si ule. Mama anayesukuma bembea ya mtoto analijua hili kwa mikono yake. Hasukumi mtoto anapopita chini akirudi nyuma, atamwangusha. Anangoja afike kwake, aanze kuondoka tena, ndipo anasukuma. Msukumo mmoja, kipindi kimoja.

Pendulamu nalo ni Kilatini, kitu kinachoning'inia. Wapo wanaopenda kuliita timazi, nami sina ugomvi nao, ila timazi la mwashi thamani yake iko katika kutulia: likibembea bado, ukuta haupimiki. Letu likitulia hatuna kazi.

Kwa haki niseme kwamba wanaohesabu nusu hawakuanza wao. Katika karne ya 17 wapimaji wa Ulaya walikuwa na "pendulamu ya sekunde", na sekunde hiyo ilikuwa ya kwenda tu. Kipindi chake kwa hesabu yetu ni sekunde 2. Fundi wa saa za ukutani akikwambia saa hii inapiga sekunde moja, anahesabu mlio, na milio ni miwili kwa kila mbembeo. Kwenye kazi yake yuko sawa. Fomula ya nusu hiyo ingekuwa π√(L/g). Ile 2 iliyo mbele ya π ndiyo safari ya kurudi. Ukihesabu kwenda tu halafu ukatumia fomula yenye 2π, T yako inakuwa nusu, T² inakuwa robo, na g inapanda mara nne. Ndiyo 39 ya binti yetu.

Pendulamu hiyo ya sekunde ndiyo iliyoonyesha kwamba g si moja duniani kote. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa Kayeni, Amerika ya Kusini, karibu nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Saa ya pendulamu iliyokuwa sawa Parisi ilichelewa huko kwa karibu dakika mbili na nusu kila siku, ikambidi afupishe pendulamu kwa takriban milimita 3. Ukiifuata fomula utaona sababu: g ikipungua, T inarefuka, saa inakwenda polepole, na dawa ni kupunguza L. Baadaye Newton aliutumia upimaji huo kama ushahidi kwamba dunia imevimba kwenye ikweta. Sisi Dar es Salaam tuko kwenye nyuzi karibu 7 kusini, kwa hiyo tumo katika hali ya Kayeni. g yetu ni 9.78, wakati Parisi ni 9.81. Mwanafunzi wa Temeke akipata 9.78 halafu akalazimisha iwe 9.81 kwa sababu ndiyo iliyo kitabuni, ameharibu jibu zuri.

Turudi kwenye daftari. Binti alining'iniza gololi ya chuma yenye kijishikizo, akapima uzi kutoka kwenye klampu hadi unapofungwa kwenye kijishikizo, akahesabu hadi 40 kwa kila urefu. Muda aliopata ulikuwa hivi:

- sentimita 30: sekunde 22.6
- sentimita 45: sekunde 27.4
- sentimita 60: sekunde 31.5
- sentimita 75: sekunde 35.1
- sentimita 90: sekunde 38.5

Arobaini zake ni mbembeo 20. Tukagawa kwa 20 badala ya 40, T ya kwanza ikawa 1.13 na ya mwisho 1.925. Tazama kwanza jinsi urefu unavyofanya kazi: uzi umeongezeka mara tatu, lakini kipindi hakijafika hata mara mbili. Ni kipeuo cha pili hicho. Grafu ya T na urefu ingepinda, na mstari uliopinda hauna mteremko mmoja wa kusoma. Ndiyo maana tunaipandisha T iwe T², na fomula inakuwa:

T² = (4π²/g)L

T² zake ni 1.277, 1.877, 2.481, 3.080 na 3.706. Zilikaa kwenye mstari vizuri. Nikamwambia asisome mteremko kwenye nukta zake mbili bali kwenye mstari wenyewe, sehemu mbili zilizo mbali. Kwenye mita 0.20 mstari ulikuwa 0.87, kwenye mita 1.00 ulikuwa 4.10. Mteremko ni 3.23 gawa kwa 0.80, yaani karibu 4.04. Huo si g! Vizio vyake ni sekunde mraba kwa mita, vya g vimegeuzwa. g ni 4π², ambayo ni 39.48, gawa kwa 4.04: 9.77.

Alifurahi, kisha akanuna tena. Mstari haukupita kwenye sifuri. Ulikata mhimili wa T² juu kidogo, kwenye 0.06, na ukiurefusha nyuma unakata mhimili wa urefu kwenye sentimita 1.5 upande wa hasi. Akataka kuusukuma upite sifuri kwa nguvu, nikamzuia. Sentimita 1.5 ni umbali kutoka pale uzi ulipofungwa hadi katikati ya gololi, ambao hakuupima. Kila urefu wake ulikuwa pungufu kwa kiasi kilekile. Upungufu ulio sawa kila mahali unausogeza mstari pembeni bila kubadili mteremko wake. Angeweka namba zake za sentimita 30 moja kwa moja kwenye fomula, angepata g ya 9.27. Za sentimita 90 zingempa 9.59. Grafu ilimpa 9.77 kutoka kwenye namba zilezile, na juu yake ikamwambia alichosahau.

Kosa la kuhesabu halina bahati hiyo. Kugawa kwa namba isiyo sahihi kunabadilisha mteremko wenyewe, huku mstari ukibaki umenyooka vilevile. Kuna la aina hiyo dogo zaidi: anayesema "moja" wakati anaachia, badala ya "sifuri", akifika 20 amepima mbembeo 19, na g yake hutoka karibu 10.8. Ukiona 10.8 muulize alianzaje kuhesabu.

"Kwa hiyo nirudie jaribio, mwalimu?"

Hapana, mwanangu. Muda wako ni sahihi. Kwenye kichwa cha safu ya pili futa "mbembeo 40", andika "mbembeo 20", halafu uniletee safu ya T upya.