Je, wajua kwa nini muuza korosho hatakiwi kutaja punguzo moja tu?

"Nauza korosho za kukaanga hapa Mtwara, kuna mteja wa Dar kanitumia meseji anasema atachukua mzigo mkubwa nimpunguzie. Nimwambie shingapi? Na kwa nini wengine wanajibu kwa bei za ngazi ngazi?"

Usimtajie bei kabla hajataja kilo, na kama hajataja basi mpe bei tatu zilizofungwa kwenye kilo achague mwenyewe. "Mzigo mkubwa" kwa mtu wa Dar inaweza kuwa kilo 15 inaweza kuwa kilo 200, na ukishasema elfu 22 ndo imetoka hiyo, atachukua kilo 8 na bei itabaki elfu 22 mpaka mwakani.

Sa hizo ngazi unazipangaje? Hapa ndo wengi wanakosea, wanakata kwa macho tu. Tuseme unauza kilo elfu 24, na korosho yenyewe iliyobanguliwa, mkaa, chumvi na mifuko inakula elfu 19 kwa kila kilo. Hii elfu 19 haishuki hata mtu akichukua gunia zima, maana kilo moja ya korosho iliyobanguliwa inatoka kwenye kilo 4 mpaka 5 za ghafi na hakuna ujanja hapo. Kinachoshuka ni gharama ya safari: boksi, boda mpaka stendi, kulipia kwenye basi la Dar. Tuseme safari moja ni elfu 20 mpaka kufika kilo 20, na mzigo wa kilo 50 inapanda kuwa elfu 35.

Gawanya uone. Mteja wa kilo 5, safari inakula 4,000 kwa kila kilo, unabaki na buku tu. Wa kilo 20, safari ni 1,000 kwa kilo. Wa kilo 50, ni 700. Umeona? Kutoka kilo 5 kwenda 20 umeokoa 3,000 kila kilo, lakini kutoka 20 kwenda 50 umeokoa 300 tu. Kwa hiyo punguzo kubwa linakaa ngazi ya kwanza, la pili linakuwa dogo, na watu wengi wanafanya kinyume wanamwagia hela mteja wa kilo 50 mpaka faida inaisha.

Mimi ningemjibu hivi:

"Asante kaka. Bei kwa mzigo unaotoka mara moja: chini ya kilo 20 ni 24,000 kwa kilo, kilo 20 mpaka 49 ni 22,500, kilo 50 na kuendelea ni 22,000. Usafiri mpaka Dar ni juu yangu, malipo kabla mzigo haujatoka. Bei hizi ni mpaka mwisho wa mwezi. Nikuandalie kilo ngapi?"

Kwa bei hizo unabaki na 2,500 kwa kilo kwenye mzigo wa kilo 20 na 2,300 kwenye wa kilo 50, baada ya kulipa kila kitu. Na ile "mpaka mwisho wa mwezi" usiiache, maana ghafi huku inauzwa kwenye minada ya stakabadhi ghalani kuanzia Oktoba na bei inaweza kubadilika mnada mmoja hadi mwingine, ukiahidi bei ya mwaka mzima utakuja kulia.

Kagua pia ile mipaka. Kilo 19 kwa 24,000 ni 456,000, kilo 20 kwa 22,500 ni 450,000, yaani wa 20 analipa pungufu. Tofauti ya elfu 6 inavumilika, inamvuta aongeze kilo moja. Ila ungeweka 20,500 kwenye kilo 20, jumla ingekuwa 410,000, na hata mteja wa kilo 18 angelipa zaidi yake, 432,000. Ukiona hivyo ujue punguzo ni kubwa mno, lipunguze.

Alafu kuna yule anayesema "nipe bei ya 50, nitachukua kumi kumi kila wiki". Hapana jamani. Hizo ni safari tano, laki moja ya usafiri badala ya elfu 35. Ndo maana kwenye meseji tumeandika "unaotoka mara moja".

Na akisema anataka 40 kwa bei ya 50? Ukikubali umepoteza 20,000. Mwambie bei inabaki 22,500 ila utamwongezea kilo moja ya zawadi, hiyo inakugharimu 19,000 na kesho akirudi kuagiza, ngazi zako ziko palepale.