Gavana anayeuchukia mfumuko wa bei kuliko wananchi wenyewe

Nchi inapotafuta gavana mpya wa Benki Kuu, wengi wetu tungependa apatikane mtu anayewaza kama wananchi: mtu anayepima ubaya wa mfumuko wa bei na ubaya wa kukosa kazi kwa mizani ileile wanayotumia wao. Mwaka 1985 mchumi Kenneth Rogoff alionyesha kwa hesabu kwamba nchi inaweza kunufaika zaidi ikimteua mtu anayeuchukia mfumuko wa bei kuliko wananchi wanavyouchukia. Hesabu hiyohiyo ilionyesha pia kwamba faida hiyo hailetwi bure. Sehemu ya kwanza ya hoja imeenea sana, lakini ya pili husahaulika, na kwangu mimi ya pili ndiyo inayoamua kama uteuzi ulikuwa mzuri.

Tuanze na tatizo ambalo uteuzi wa namna hii unakusudia kulitibu. Waajiri na wafanyakazi hukaa mezani kupanga mishahara ya mwaka mzima, na katika kuipanga hukadiria bei zitapanda kwa kiasi gani. Wakishatia saini, Benki Kuu hubaki na nafasi ya kushusha riba. Ikizichochea bei zipande kuliko walivyokadiria, thamani halisi ya mishahara hushuka kidogo, waajiri huongeza watu kazini na uzalishaji hupanda. Gavana anayewaza kama wananchi huvutiwa na nafasi hiyo kwa nia njema kabisa, kwa kuwa wananchi wanataka uzalishaji uwe juu kidogo ya pale uchumi unapotulia wenyewe. Shida ni kwamba waliotia saini wanaijua nafasi hiyo mapema, na wanaiweka ndani ya makadirio yao.

Nitatumia mfano wa kubuni wenye namba nyepesi. Hapa `π` ni mfumuko wa bei na `πᵉ` ni mfumuko uliotarajiwa. `y` ni tofauti kati ya uzalishaji na kiwango chake cha kawaida, `e` ni mtikisiko usiotabirika, na `L` ni maumivu ya jamii.

```
y = π − πᵉ + e
L = (y − 2)² + 0.5·π²
```

Wananchi hawa wanatamani uzalishaji uwe asilimia 2 juu ya kawaida, na uzito wanaoupa mfumuko wa bei ni nusu ya ule wanaoupa uzalishaji. Tuseme hakuna mtikisiko wowote na kila mtu anatarajia mfumuko wa sifuri. Gavana anayewaza kama wao ataona inafaa kuupandisha hadi karibu asilimia 1.3. Wakitarajia 1.3, ataupandisha hadi 2.2. Wakitarajia 2.2, utafika 2.8. Mwendo huu hupungua kasi na kutulia kwenye asilimia 4, ambapo maumivu ya kuupandisha tena yanalingana kabisa na kishawishi. Hapo mfumuko ni 4, matarajio ni 4, na uzalishaji uko palepale ulipokuwa, kwenye sifuri. Jamii imebeba mfumuko wa ziada bila kupata hata ajira moja zaidi.

Sasa tumteue mtu ambaye uzito wake kwa mfumuko wa bei si 0.5 bali 2, yaani mara nne ya ule wa wananchi. Kishawishi ni kilekile, ila yeye huumia mapema zaidi bei zinapopanda, na mwendo huo unatulia kwenye asilimia 1. Waliokaa mezani kupanga mishahara wanajua ni mtu wa namna gani, kwa hiyo nao wanatarajia 1. Uzalishaji bado uko kwenye sifuri.

Naomba msomaji atue kidogo hapa, maana kuna kosa linalorudiwa mara nyingi. Husemwa kwamba gavana mkali huufanya uchumi uzalishe kidogo mwaka baada ya mwaka. Katika hesabu hii sivyo. Kwa wastani, uzalishaji chini ya gavana mkali ni uleule kama chini ya gavana mpole. Gharama yake iko kwenye namna uzalishaji unavyoyumba kuuzunguka wastani huo.

Mfikirie mtikisiko wa ugavi: nishati imepanda bei ghafla, au ukame umeua mazao. Tuseme mtikisiko huo, kama Benki Kuu haitafanya lolote kuupunguza makali, unashusha uzalishaji kwa asilimia 3. Gavana anayewaza kama wananchi ataruhusu bei zipande kwa asilimia 2 zaidi ili kuokoa kazi. Mfumuko utafika 6, na uzalishaji utashuka kwa asilimia 1 tu. Gavana mkali ataruhusu asilimia 1 tu ya nyongeza, kwa hiyo mfumuko utaishia 2, lakini uzalishaji utaanguka kwa asilimia 2. Kiwanda ambacho kwa gavana wa kwanza kingepunguza saa za ziada, kwa huyu wa pili kitafunga zamu nzima. Na tukimteua mtu asiyetaka kuuona mfumuko hata kidogo, bei hazitasogea, na anguko lote la asilimia 3 litabebwa na uzalishaji na ajira.

Nani bora basi? Tuchukue kwamba mtikisiko wa asilimia 3 unaweza kuja kwa upande wowote, wa kushusha au wa kupandisha, kwa uwezekano sawa. Kisha tupime wastani wa maumivu kwa mizani ya wananchi wenyewe, si ya gavana. Gavana anayewaza kama wananchi anawaachia maumivu 15, mkali anawaachia 9, na yule asiyevumilia mfumuko hata kidogo anawaachia 13. Ukali umesaidia, ila ulipopita kiasi ulianza kula faida yake mwenyewe.

Sababu yake ni nzuri kuielewa. Unapoondoka kwenye mizani ya wananchi hatua ndogo ya kwanza, gharama ya kutuliza uzalishaji vibaya karibu haionekani, kwa kuwa umetoka hapo hapo palipokuwa bora kwao. Faida ya kupunguza mfumuko wa ziada, kwa upande mwingine, ni kubwa tangu hatua ya kwanza. Kadiri unavyosogea, mfumuko wa ziada unabaki mdogo na hakuna kikubwa cha kupunguza, huku kila hatua ikizidi kuwaumiza watu siku ya mtikisiko. Ndiyo maana jibu la Rogoff lina pande mbili: daima inafaa gavana awe mkali kuliko jamii, na daima haifai ukali huo uwe wa kupindukia.

Kiasi kinachofaa hutegemea ukubwa wa mitikisiko. Tufanye mtikisiko uwe wa asilimia 9 badala ya 3. Gavana anayewaza kama wananchi sasa anawaachia maumivu 39, na yule mwenye uzito wa 2 anawaachia 45. Mtu yuleyule aliyekuwa chaguo jema sasa ni mzigo. Mwenye uzito wa 1, mkali kwa kiasi, angewaachia takriban 36. Kwa hiyo nchi ambayo pato lake linategemea mvua au bidhaa moja ya kuuza nje isiige ukali wa gavana wa nchi ambayo uchumi wake hautikisiki sana.

Kuna mitikisiko ambayo haileti mvutano huu. Matumizi ya watu yakiporomoka, uzalishaji hushuka na bei hupoa kwa pamoja, na gavana yeyote, mkali au mpole, ana sababu ya kushusha riba. Kwa hiyo anayetaka kujua tabia ya gavana asimpime kwa mdororo wa aina hiyo. Amtazame siku bei zinapopanda na uzalishaji unaposhuka kwa wakati mmoja.

Siku kama hiyo ilikuwapo kanda ya euro katikati ya mwaka 2008. Mafuta yalikuwa yamepanda sana na mfumuko wa bei ulikuwa umefika asilimia 4, ilhali lengo la Benki Kuu ya Ulaya lilikuwa chini ya asilimia 2 lakini karibu nayo. Uchumi ulikuwa umeanza kusinyaa. Mwezi Julai benki hiyo, chini ya Jean-Claude Trichet, ilipandisha riba yake kuu kutoka asilimia 4 hadi 4.25. Hofu yake ilikuwa kwamba mishahara ingeanza kuzifuata bei za mafuta. Mwezi Oktoba, misukosuko ya mabenki ilipokuwa imepamba moto, iliishusha hadi 3.75. Robo asilimia haikuuleta mdororo ule, na si haki kuilaumu kwa hilo. Lakini mwelekeo wa uamuzi wa Julai ndio hasa ambao hesabu ya Rogoff ingeutabiri kwa taasisi iliyoupa mfumuko wa bei uzito mkubwa.

Mfano mwingine unaotajwa sana ni Paul Volcker, aliyekuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, nami ningeshauri utumiwe kwa uangalifu. Alipoingia ofisini Agosti 1979 mfumuko ulikuwa umepita asilimia 11, na kufikia 1983 ulikuwa karibu 3. Katikati ya safari hiyo, mwishoni mwa 1982, ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8. Wajenzi wa nyumba waliokosa kazi walimtumia vipande vya mbao kwa posta, na wakulima walipeleka matrekta yao hadi jengo la benki kuu. Ilikuwa gharama halisi, lakini ni ya namna nyingine: gharama ya kuwafanya watu waache kutarajia mfumuko mkubwa. Hiyo hulipwa mara moja na kuisha. Gharama ninayoizungumzia hapa hubaki hata baada ya kila mtu kumwamini gavana, na hurudi kila mtikisiko wa ugavi unapotokea.

Je, inaweza kupunguzwa? Mwaka 1992 mtafiti Susanne Lohmann alipendekeza gavana mkali aachiwe uhuru wake katika siku za kawaida, na serikali ibaki na haki ya kuutengua uamuzi wake mtikisiko unapokuwa mkubwa mno, mradi kufanya hivyo kuiletee serikali yenyewe gharama. Sheria ya Benki Kuu ya Nyuzilandi ya mwaka 1989 ilikuwa na kifungu cha mfano huo: serikali iliweza kuibadilishia benki lengo kwa muda, lakini kwa amri rasmi inayotangazwa, si kwa simu ya faraghani. Uwazi huo ndio gharama yenyewe, kwa kuwa waziri hawezi kutumia haki hiyo kila anapokaribia uchaguzi bila watu kumwona. Na gavana, akijua kwamba kuna kikomo ambacho akikivuka uamuzi wake utatenguliwa hadharani, hulegeza kidogo yeye mwenyewe mtikisiko unapokaribia ukubwa huo, hata kabla ya amri yoyote kuandikwa.