Kioo kimepasuka kona ileile mara ya tatu? Angalia kutu kabla hujanunua kingine

Majuzi niliitwa Likoni na mama mmoja, akanambia kwa simu, "Fundi njoo uniwekee kioo, hawa watoto na mpira wao wamenimaliza." Nikafika nikakuta dirisha la chuma la kawaida, yale ya kuchomelewa jua kali, vioo vinne, na cha chini kulia kimepasuka. Kumbe kilikuwa cha tatu hichohicho ndani ya miaka minne, na mpira wa mjukuu ushafungiwa kabatini muda mrefu kama adhabu.

Sasa mimi kabla sijatoa vifaa huangalia ufa wenyewe. Kioo kilichopigwa na kitu huwa kina kituo, yaani pale palipopigwa panaonekana kama nyota, na nyufa zinatawanyika kutoka hapo kwenda kila upande. Hiki hakikuwa na nyota. Kilikuwa na ufa mmoja tu, unaanzia kwenye kona ya chini, unapanda ukijipinda mpaka katikati. Ufa unaoanzia pembeni bila nyota manake kioo kimebanwa, na kwa huku pwani kwetu mbanaji namba moja ni kutu. Chuma kikishika kutu hakibaki na unene wake, kile kinachoota juu kinachukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na maji yote ya mvua na ya kuosha dirisha yanaishia ukingo wa chini. Kutu inavimba polepole, inasukuma kioo juu, kioo hakina pa kwenda, siku ya jua kali au mtu akibamiza dirisha kidogo, tap! Anayeonekana karibu na mpira ndo anabeba kesi.

Basi kuweka kioo kipya juu ya kutu ileile ni kumuuzia mtu kioo cha nne. Nikamwambia, "Mama, kazi hii ni ya siku mbili si ya saa moja," akaguna lakini akakubali.

Kutoa kioo cha zamani ndo sehemu inayokata watu mikono. Nabandika selotepu pana pande zote mbili za kioo, nyingi nyingi bila mpango, ili vipande vikiachia visimwagike. Glavu za ngozi, miwani, viatu vya kufunika mguu, kandambili hapana. Halafu puti ya zamani. Puti ya miaka mingi ni ngumu kama jiwe, nachukua patasi kuukuu ambayo sijali makali yake na nyundo ndogo, nagonga kidogo kidogo nikiilaza patasi sambamba na chuma, naibandua vipande. Usiielekeze kwenye kioo cha jirani, na kama unatumia moto kulainisha puti kuwa mwangalifu zaidi, joto likishika upande mmoja wa kioo kizima nacho kinaenda, utakuwa umeitwa kwa kimoja ukalipa viwili.

Vipande natoa kuanzia juu nikishuka chini. Ukianza na cha chini, kile cha juu kinabaki kinaning'inia bila kitu cha kukishika, na kikishuka kinashuka kama panga. Ndani ya puti nilitegemea kukuta klipu, zile waya ndogo za kushikilia kioo kwenye chuma, sikukuta hata moja. Kioo cha miaka yote kilikuwa kinashikwa na puti peke yake. Na upande mmoja hata puti haikuwa puti, fundi aliyepita alimalizia na saruji nyeupe, ambayo ikikauka haina huruma, fremu ikitanuka na jua kioo hakipati hata unywele wa kuchezea.

Ukingo wa chini ulikuwa na magamba ya kutu unene wa karibu milimita 3. Nikayang'oa kwa patasi, nikapiga brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, msasa, kitambaa kikavu, halafu rangi nyekundu ya kuzuia kutu, hii wauza hadwea wote wanaijua kwa jina la redi oksaidi. Nikaipaka ukingo mzima pande zote nne, si chini peke yake, nikaiacha ilale mpaka kesho. Bahati chuma kilikuwa bado kina nyama. Kama patasi ingepenya ukingoni ningemwita fundi wa kuchomelea kwanza, puti haizibi tundu la chuma.

Rangi ikikauka ndo napima, si kabla, manake kabla unapima kutu. Napima chuma kwa chuma ndani ya ukingo, upana mara tatu, juu, katikati na chini, na urefu hivohivo, nachukua kidogo kuliko vyote. Hapa upana mdogo ulikuwa milimita 450 na urefu 601. Natoa milimita 4 kila upande wa hesabu, yaani kioo kibaki na nafasi ya 2 kila pembeni, kwa hivo 446 kwa 597. Wengi wanaishia hapo. Mimi nikapima na kona kwa kona, nikapata 754 na upande wa pili 748. Tofauti ya 6. Fremu imelala, haikuchomelewa mraba, na kwa mlalo huo kioo cha mraba cha 446 kingegusa chuma kwenye kona mbili hata kama vipimo vya upana na urefu ni sawa kabisa, tungerudi kulekule. Dawa yake ni boksi. Nikakata kadibodi ya katoni nikaijaribu ndani ya fremu, nikapunguza mpaka ikacheza milimita 2 kila upande, nikaandika "NJE" na "JUU" kwa kalamu ya wino nikaipeleka duka la vioo wakate kwa kuifuata. Usisahau kuandika upande, kioo kilicholala kikigeuzwa kinalala upande usio wako.

Nilichukua kioo cha unene wa milimita 4. Cha 3 ni rahisi zaidi lakini kwa dirisha linalofunguka na upepo wa bahari sikipendi. Kioo cha ukubwa huu kinafika karibu kilo 2 na nusu hivi au zaidi kidogo, mtu mmoja anakimudu.

Puti sasa. Ukienda dukani ukasema "nipe puti" tu, siku hizi utapewa ile ya kuskimu ukuta, nshaona watu wameipaka kwenye dirisha, mvua ya kwanza inageuka uji. Sema puti ya vioo, na useme ni fremu ya chuma. Ile ya asili ni unga wa chaki na mafuta ya linsidi, inakaa vizuri kwenye mbao kwa sababu mbao inanyonya mafuta kidogo, chuma hakinyonyi kitu, kwa hivo inachelewa sana kukaza, ile ya chuma imetiwa vitu vya kuisaidia ikauke. Nusu kilo kwa kioo hiki inatosha na inabaki. Ikande mkononi kama unga wa chapati mpaka ilainike yote sawasawa. Ikinata vidoleni paka mikono chaki kidogo uendelee kukanda, ikivunjikavunjika tone la mafuta.

Kuna puti mbili, na mafundi wa haraka wanaruka ya kwanza. Ya kwanza inakaa nyuma ya kioo. Unaiviringisha kama kamba, unaibandika kwa dole gumba ukingo mzima kuzunguka, unene wa milimita 5 hivi. Chini naweka vipande viwili vidogo vya mpira mgumu, unene wa milimita 2, kila kimoja robo ya upana kutoka konani, kioo kikalie hivyo, kisiguse chuma. Ndo naingiza kioo, chini kwanza, halafu nakisukuma taratibu nikibonyeza pembeni tu kuzunguka. Usibonyeze katikati, katikati ndo panapovunjika na mkono ndo unapitia hapohapo. Puti inatoka upande wa ndani, nabonyeza mpaka nyuma ibaki kama milimita 2 au 3, ile ya ziada naikata kwa kisu. Ukiangalia kioo kwa nje unaona kama puti imeshika kote au kuna mahali pana hewa, pale penye rangi tofauti hapajashika, na maji yatapita hapo.

Klipu: nilitoboa matundu madogo kwenye chuma, mbili kila ubavu, kwa drili ya milimita 3, kabla ya kuweka kioo bila shaka, nikapitisha waya wa mabati nikaukunja ugusie kioo bila kukibana.

Puti ya pili ni ya mbele, hii ndo watu wanaiona. Unajaza pembe, halafu unaweka kisu cha puti kwa mlalo, unakivuta kutoka kona hadi kona kwa mkono mmoja bila kusimama. Kikinata kichovye maji. Mlalo uwe wa kumwaga maji nje, na ukiwa ndani ya nyumba usione puti inachungulia juu ya chuma, iishie milimita 2 hivi chini ya mstari wa fremu. Hizo milimita 2 ni za rangi.

Mwenye dirisha la mbao lenye bidingi, zile fito nyembamba za kupigiliwa, kazi yake ni nyepesi zaidi. Anza kung'oa fito ndefu kuanzia katikati, pale inapinda, zikitoka nzima utazirudisha. Paka mbao rangi ya kwanza, la sivyo inakunywa mafuta yote ya puti na kukuachia chaki kavu. Ukipigilia, weka kadibodi juu ya kioo na nyundo iteleze juu yake, usiinyanyue. Puti ya nyuma haikwepeki hapo pia.

Tukirudi Likoni, nikalifunga dirisha kwa waya nikamwambia mama lisifunguliwe wiki nzima, puti bado ni laini na kubamiza kunakisogeza kioo. Alama za mafuta kwenye kioo nilizitoa kwa unga wa chaki na kitambaa kikavu. Rangi nilirudi kuipaka baada ya siku kumi na mbili, nikijaribu kwanza kwa kucha, ngozi ya juu ilikuwa imekaza. Ukiwahi sana rangi inakunjamana, ukichelewa miezi puti inaanza kupasuka. Brashi ikapita juu ya puti na kupanda kwenye kioo milimita 2, maana maji yanapita palepale puti inapokutana na kioo, na mstari huo wa rangi ndo unaoziba. Mama akataka nikwangue huo mstari kwa wembe eti unachafua kioo. Nikamkatalia.