Mke mjamzito na kadi mpya ya bima: yanayompata mwajiriwa mgeni

Kila tunapowapokea waajiriwa wapya hapa Kisumu, swali la kwanza kuhusu bima ya afya huwa ni kadi itatoka lini. Swali hilo si baya, ila lenye uzito zaidi ni hili: kadi ikishatoka, italipia nini, na kuanzia siku gani?

Tuseme umeanza kazi tarehe 1 Machi na mkeo ana mimba ya miezi mitatu. Unamwandikisha kwenye fomu, kadi inakuja, nanyi mnalala usingizi. Mapema Septemba anajifungua kwa upasuaji katika hospitali ya kibinafsi, na bili inafika shilingi 150,000. Kampuni ya bima inajibu kwamba uzazi una kipindi cha kungoja cha miezi 12. Kwa hesabu hiyo, gharama za uzazi zingeanza kulipwa Machi ya mwaka unaofuata. Hujadanganywa, kifungu hicho kilikuwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Hapo ndipo SHA, bima ya afya ya serikali, inaposaidia. Tangu Oktoba 2024 ilipochukua nafasi ya NHIF, kila mwezi unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wako kabla ya makato mengine. Ukilipwa 40,000, hiyo ni shilingi 1,100. Mpango huo hulipia upasuaji wa uzazi shilingi 30,000 na uzazi wa kawaida 10,000, mradi hospitali iwe na mkataba nao na mkeo awe ameandikishwa chini yako. Kwa hiyo kwenye bili yetu unabaki na 120,000 za kutoa mfukoni. Mkienda hospitali ya umma ya Jaramogi, ambayo wengi bado huiita Russia, huenda bili yenyewe ikawa ndogo zaidi.

Sasa tuseme kipindi cha kungoja kimekwisha, na kikomo cha uzazi kwenye bima ya kazini ni 100,000. SHA inatoa 30,000 zake kwanza, bima inatoa 100,000, nawe unamalizia 20,000. Mikataba mingi ya waajiri imepangwa hivyo, bima ya kazini ikikaa juu ya SHA. Ndiyo maana mwajiri akichelewa kuwasilisha makato yako, bima inaweza kukataa kuziba pengo la SHA, na pengo hilo unaachiwa wewe. Angalia hali yako ya malipo mapema, usingoje hadi mtu awe kitandani.

Vipindi vya kungoja havifanani kila mahali. Mwajiri mwenye wafanyakazi wengi mara nyingi hujadiliana na kampuni ya bima na kuviondoa kabisa; kampuni ndogo hupewa masharti makali zaidi. Ajali kwa kawaida hulipiwa tangu siku ya kwanza. Yanayongojewa ni uzazi, upasuaji usio wa dharura, na maradhi uliyoingia nayo, kama kisukari au shinikizo la damu. Maradhi hayo yataje kwenye fomu. Najua watu huogopa kukataliwa, lakini siku ukilazwa daktari ataandika kwenye faili kuwa una kisukari kwa miaka mitano, na msimamizi wa madai atalisoma faili hilo kabla ya kutoa idhini.

Kuhusu wategemezi, huku kwetu ugomvi mkubwa ni wazazi. Mama aliyeko Siaya au Kakamega si mtegemezi katika bima nyingi za kazini, hata kama ni wewe unayemnunulia dawa kila mwezi. Anayehesabiwa ni mwenzi mmoja na watoto, kwa kawaida hadi miaka 18, au zaidi kidogo akiwa chuoni na ana barua ya chuo. Mke wa pili, pale anaporuhusiwa, huongezewa malipo. Wanaoishi pamoja bila cheti cha ndoa huombwa hati ya kiapo kutoka kwa wakili.

Zipo pia gharama zisizolipwa hata ukingoja miaka kumi: matibabu ya kutafuta mtoto, upasuaji wa kujirembesha, dawa ulizojinunulia bila kuandikiwa. Meno na miwani hulipwa tu pale mwajiri alipovinunua kama nyongeza.

Nirudi kwa mtoto wa Septemba. Yeye haingii kwenye bima kwa sababu tu mama yake yumo. Mikataba mingi inakupa siku 30 za kumwandikisha, na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa unayopewa hospitalini mara nyingi inatosha cheti kikiwa bado. Ukipitisha muda huo, huenda akangoja hadi bima ifanywe upya mwaka ujao. Kwa hiyo piga picha karatasi hiyo mkiwa bado wodini, uitume kwa ofisa wa rasilimali watu kwa barua pepe, na umwombe akujibu kwa maandishi kwamba ameipokea.